Hela ya VAT ambayo haijarudi: ikae yote kwenye vitabu au tuikate?

Mbanguaji: Wakuu naomba tujadili. Tunabangua korosho tunauza nje, kila mwezi tunadai VAT irudishwe. Odita mwaka huu anataka nusu ya hiyo hela tuikate kwenye vitabu kama hasara eti imekaa sana. Bosi anasema serikali haifilisiki, ikae yote. Mimi mhasibu niko katikati, nani yuko sahihi? Na kwa nini wakichelewa wasitulipe riba?

Kijana wa Kaunta: Mi siandikagi kabisa mpaka hela iingie benki, ikiingia naweka mapato mengineyo nasahau. Hela ya serikali haihesabiki hadi uishike, ukijidanganya una mali utakuja kulia mbele.

Mzee wa Leja: Kijana, tahadhari unayo ila mapato hapana. Hiyo hela ni yako ulishailipa kwa muuzaji wa makartoni na kwenye bili ya umeme, sasa ukiiita mapato faida inavimba na mwisho wa mwaka unakatwa asilimia 30 ya hela yako mwenyewe. Halafu kama VAT ya kununulia huiweki kama dai, umeiweka wapi? Kwenye gharama. Maana yake mwaka huu unaonekana umepata hasara, mwaka kesho unaonekana umeokota.

Mbanguaji nikupe mfano wa kwetu maana na sisi tuko kwenye korosho. Korosho ghafi toka kwa mkulima haina VAT, kwa hiyo dai letu lote linatokana na vile vitu vingine, mifuko ya kufungia bila hewa, makartoni ya kilo 22.68, umeme, spea za mashine. Tukiuza nje tunatoza asilimia sifuri, hatuna VAT ya mauzo ya kupunguzia, ndo maana kila mwezi tunabaki tunadai. Mwezi mmoja tulidai 24,300,000. Siku tunapeleka ritani nikaitoa kwenye akaunti ya VAT ya manunuzi nikaipeleka kwenye akaunti ya "VAT tunayodai", na mstari wenye jina la mwezi ule peke yake. Sio lundo moja. Jibu lilivyorudi wamekubali 21,960,000, wamekata 2,340,000. Jonali ilikuwa hivi:

```
Dr Benki                     21,960,000
Dr VAT iliyokataliwa          2,340,000
   Cr VAT tunayodai          24,300,000
```

Hapo mstari wa mwezi ule ukawa sifuri. Kumbe zile 2,340,000 zina hadithi. 900,000 ilikuwa ni VAT ya matengenezo ya gari dogo la meneja, hiyo sheria hairuhusu, tuliipenyeza wenyewe. 1,440,000 ilikuwa VAT ya makartoni ya milioni 8, kijana wa stoo alikwenda kununua akasahau kumtajia muuzaji TIN ya kampuni, risiti ya EFD ikatoka haina mnunuzi. Tulipojua miezi sita ya kuidai risiti ilishapita, haikurudishika.

Mama Vitenge: Na mimi nina risiti ya laptop na friji ya duka, nazipeleka wapi nirudishiwe hiyo asilimia 18? Kila siku wanatuambia dai risiti dai risiti, nimezitunza kwenye kopo la biskuti.

Mzee wa Leja: Dada yangu kama hujasajiliwa VAT hazirudi, na usajili wa lazima siku hizi unaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Kwako VAT ni sehemu ya bei ya friji, imeisha. Ila risiti zitunze kwa ajili ya kodi ya mapato.

Mama Vitenge: Kumbe nimekaa nazo bure.

Upande wa Pili: Ngoja niwatetee watu wa kodi maana hapa hakuna anayewatetea. Kuna watu wananunua risiti, mzigo hakuna, karatasi tu, halafu wanaenda kudai. Ofisa akilipa bila kukagua amegawa hela ya umma. Sheria inawapa siku 90 za kuamua na anayeuza nje anadai kila mwezi, wengine ambao mauzo yao sio ya nje wanabeba salio miezi sita kwanza. Kwa hiyo unafuu mnao tayari, mkipewa na riba juu wale wa karatasi wataongezeka.

Mbanguaji: Siku 90 kwenye karatasi. Mimi ninalo dai la miezi tisa, kila nikiuliza naambiwa faili liko kwa mkaguzi. Kwa hiyo 24m ninayosubiri naikopa benki kwa ovadrafti ya asilimia 16, miezi tisa ni 2,880,000. Hiyo nani ananilipa? Mimi nikichelewesha ritani siku moja nina adhabu, wao wakichelewa mimi ndo nabeba riba.

Upande wa Pili: Hapo kwenye adhabu ya upande mmoja nakubali haipendezi. Lakini riba itoke kwenye kodi za Mama Vitenge?

Mama Vitenge: Mi msinitaje.

Kijana wa Kaunta: Mzee turudi kwa odita basi. Nusu ni sawa? Si ndo ile IFRS 9 ya wadaiwa, kadri deni linavyozeeka unakata zaidi?

Mzee wa Leja: IFRS 9 inashika madeni ya mkataba. Hili halina mkataba, limeletwa na sheria, kwa hiyo jedwali la umri mnalotumia kwa wateja huwezi kulibandika hapa tu. Ila bosi naye asishangilie. Serikali kutofilisika haimaanishi watakubali kila risiti. Kinachokatwa ni ubovu wa karatasi zenu. Mbanguaji chukua madai yote yaliyoshajibiwa, angalia kila moja walikata kiasi gani. Kwetu lile moja ni kama asilimia 10, tulivyojumlisha mengine ikawa chini ya hapo. Hiyo ndo namba ya kumpelekea odita, nusu ataitetea kwa ushahidi gani? Na dai ambalo huoni litalipwa ndani ya mwaka lihamishe kwenye mali za muda mrefu, benki isidhani una hela ya karibu.

Kingine, angalia kama hilo dai wamelikata kwenye kodi nyingine unayodaiwa. Wakifanya hivyo benki haiingii shilingi, unasubiri milele wakati deni lako la PAYE limeshapungua. Barua yao ndo inasema, unapunguza deni la kodi, sio benki.

Odita Mstaafu: Nakubaliana na Mzee wa Leja kwenye IFRS 9, sikubaliani kwamba umri hauna neno. Dai la mwezi mmoja na dai la miaka mitatu lisilojibiwa sio kitu kimoja. Mimi ningekata, nusu labda hapana, ila ningekata.

Mzee wa Leja: Likiwa na barua ya maswali ambayo hamjajibu, kata. Likiwa kimya tu, mi naliacha na kuandika maelezo chini ya mahesabu.

Odita Mstaafu: Ukimya nao ni jibu mzee.

Mbanguaji: Wakuu nimerudi. Nimeanza kupanga mwezi kwa mwezi kama alivyosema mzee. Lile dai la miezi tisa nimelikuta kwenye fomu ya kudai, halafu lilelile nimelibeba kama salio kwenye ritani ya mwezi uliofuata. Yaani nimelidai mara mbili.

Mzee wa Leja: Basi faili limekwama kwa sababu hiyo. Rekebisha ritani kabla hujamuandikia mtu barua ya riba.

Mbanguaji: Na kwenye leja je? Akaunti inaonyesha mara moja tu.

Mzee wa Leja: Leja iko sawa, ritani ndo haiko sawa. Bosi anajua?

Mbanguaji: Bado.