Barua ya kale kwa herufi za Kiarabu: nataka kuifanyia muhtasari kutoka kwenye picha

Mjukuu_wa_Nahodha: Wakuu, naombeni ushauri. Nina picha ya barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nataka muhtasari mfupi: nani kaandika, lini, kwa shida gani na anadai nini. Sehemu kubwa nimeshaisoma. Chini kuna majina mawili. Tarehe ni 12 Rajabu, mwaka 1302 au 1303, tarakimu ya mwisho imefifia.

Kalamu: Mwandishi ni jina la mwisho kabisa. Salamu ziruke, anza kwenye "wa baadu", shida yake iko hapo.

Mzee_wa_Hati: Kuhusu "wa baadu" Kalamu kasema kweli, lakini jina la mwisho huweza kuwa la karani. Tazama maneno yanayozunguka kila jina. Ukikuta "katabahu fulani biyadihi", huyo ndiye aliyeshika kalamu. Ukikuta "biamrihi", ameandika kwa amri ya mwingine, na mwenye barua ni huyo mwingine. Wataje wote wawili. Salamu nazo zisome, maana ndimo anamotajwa mpokeaji na heshima anayopewa. Je, siku ya wiki imetajwa?

Mjukuu_wa_Nahodha: Ndiyo, Ijumaa. Na karani yupo kweli, "biamrihi" inasomeka vizuri.

Mzee_wa_Hati: Basi mwaka tumeupata. ٢ na ٣ zinapishana jino moja tu, wino ukififia jicho halisaidii. Lakini 12 Rajabu 1302 inaangukia Jumatatu, 27 Aprili 1885, na ya 1303 inaangukia Ijumaa, 16 Aprili 1886. Kuandama kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja, hakuwezi kuigeuza Jumatatu kuwa Ijumaa. Andika 16 Aprili 1886, na useme mwaka umethibitishwa kwa siku ya wiki.

Binti_Pwani: Mimi ninayo ya babu imepata ukungu, niisafishe na nini?

Kalamu: Dada, hapa tunazungumzia kusoma. Ifungulie uzi wake.

Mjukuu_wa_Nahodha: Kwenye madai anasema amelipa reale 40, zimebaki 20, na wakili wa mpokeaji kakataa kumpa hati. Niandike "alilipa 40"?

Mzee_wa_Hati: Hapana, andika "anadai amelipa 40". Barua ni ushahidi kwamba alisema hivyo. Malipo yenyewe yanahitaji hati nyingine. Habari ya wakili vilevile, ni maneno ya upande mmoja. Sasa anaomba nini hasa, hati au muda wa kulipa hizo 20?

Mjukuu_wa_Nahodha: Hapo ndipo nimekwama. Kitenzi kimeingia kwenye mkunjo, kivuli kimekifunika.

Kalamu: Kama anataja hati, basi anaomba hati.

Mzee_wa_Hati: Huenda, lakini usimjazie maneno. Weka "ombi halisomeki, ama hati ama muda". Kama karatasi unayo, piga tena mwanga ukitokea upande wa pili wa mkunjo, na upige na mgongo wake.

Mjukuu_wa_Nahodha: Karatasi iko kwa shangazi. Nitamwomba apige, nitaweka hapa.