Bibi, kaa kwenye bajaji: dalali mwenye profaili ya "MWAMINIFU NO. 1 KUSINI" kamtusi shangazi yangu leo saa nne asubuhi

MwanaNewala
Jamani mikono inatetemeka. Simtaji, nyote mnamjua, yule wa miwani meusi aliyeegemea gari jeupe. Profaili yake kaandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Nahudumia Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Ruangwa, Kilwa, Dar na Dodoma. Viwanja 340 vimeuzwa mwaka huu. Mauzo bilioni 3. Hati mkononi ndani ya siku 14. Uaminifu asilimia 100."

Shangazi katoka Newala na basi la alfajiri, hela ya korosho kaifunga kwenye kanga kiunoni. Tukapanda bajaji mpaka Naliendele. Kiwanja cha "20 kwa 20, kimepimwa". Shangazi hakuuliza bei. Kainama, kapekua nyasi pembe ya kwanza, kaenda ya pili, kainuka akauliza kwa upole, "Baba, bikoni ziko wapi?" Dalali akanyoosha kidole kwenye mkorosho. Shangazi akasema mkorosho si bikoni. Ndipo akamjibu, mbele ya dereva na watoto wa watu: "Bibi, wewe kaa kwenye bajaji, haya mambo ya wasomi."

Kaa kwenye bajaji! Mwanamke aliyekaa baraza la ardhi la kijiji, kasuluhisha mipaka ya watu tangu huyo dalali hajaota meno! Na kwenye kuonyesha tu tumemlipa elfu kumi na tano.

Chikongola_Boy
Dada, mtu anahudumia Newala mpaka Dodoma na wewe ukaamini? Kilwa peke yake kutoka hapa ni nusu siku barabarani. Huyo anahudumia simu yake.

MwanaNewala
Sikuamini yote, niliona nyota tano na picha za watu wanapeana mikono. Lakini kwa lile neno la bajaji simsamehi. Nilikuwa na futi ya fundi begani, nikapima mbele yake: upande mmoja mita 17, wa pili 16. Akasema alipima kwa hatua. Hatua za nani, za mtoto wa chekechea?

MzeeWaMikindani
Pole sana mwanangu, na shangazi mpe pole yangu. Mimi nimefanya udalali hapa miaka mingi, naomba nikuonyeshe kilichojificha kwenye ile profaili, maana wengi wataingia humo humo.

Chukua bilioni 3, gawa kwa viwanja 340. Kila kiwanja kinatoka karibu milioni 8 na laki 8. Sasa shuka kwenye matangazo yake mwenyewe uone bei anazoweka.

MwanaNewala
Nimeshuka. Laki tisa, milioni moja na nusu, kikubwa kabisa milioni tatu.

MzeeWaMikindani
Umeona. Hata angeuza vyote kwa milioni tatu tatu, ingekuwa bilioni moja na milioni ishirini. Hesabu mbili kwenye ukurasa mmoja hazikubaliani. Mara nyingi "340" ni viwanja vya mradi wa mtu mwingine. Dalali anarusha picha wasapu, kiwanja kinauzwa na wenzake, naye anakihesabu. Ukimuuliza, mwulize hivi: kati ya hivyo, vingapi ulisimama wewe mpaka muuzaji na mnunuzi wakasaini? Mkweli atakwambia "kumi na moja mwaka huu, vinne vya wateja waliorudi, viwili viliharibika". Hivyo viwili ndivyo mimi ningemwuliza zaidi.

Na maeneo. Mimi naandika Mikindani, Mbae na Naliendele, basi. Huko nawajua wenyeviti wa mitaa, najua shamba gani lina mgogoro wa ndugu. Mteja akitaka Ruangwa namkabidhi kwa mwenzangu wa kule na nasema wazi kwamba nagawana naye.

Kibuyu
Huyu dalali ndiye aliyetukata kilo kwenye korosho msimu uliopita? Tulipeleka magunia, mizani ikasema vingine kabisa.

Chikongola_Boy
Wa viwanja ndugu, si wa korosho.

Kibuyu
Basi wote ni wale wale.

FundiRahaleo
Mnajisumbua na profaili. Dawa ni moja: nendeni ofisi ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri, mashahidi wasaini, mmemaliza. Mimi ndivyo nilivyonunua.

MzeeWaMikindani
Fundi, nusu uko sawa. Mwenyekiti na majirani wanakusaidia kujua kama muuzaji ndiye mwenyewe, na hilo ni kubwa kwa shamba lisilopimwa. Lakini muhuri wa mtaa haukupi umiliki wa kiwanja kilichopimwa. Dalali akisema "kimepimwa", mwombe namba ya kiwanja na ya kitalu, uende nazo ofisi ya ardhi uone jina la nani limeandikwa. Akishindwa kukupa namba hizo mbili, hakijapimwa, au kimepimwa kwa jina la mwingine. Shangazi aliuliza swali hilo hilo kwa njia ya nyasi. Bikoni ni nguzo fupi ya zege yenye namba, inakaa kila pembe. Mara nyingine inafukiwa na udongo, kwa hiyo kutoiona si ushahidi wa mwisho. Mpima akija na vifaa vyake ndipo utajua.

FundiRahaleo
Mimi miaka sita niko pale, hajaja mtu.

MzeeWaMikindani
Mungu akulinde asije.

MwanaNewala
Na hizo siku 14 za hati?

MzeeWaMikindani
Dalali hatoi hati. Inatoka serikalini, na ina maombi yake na malipo yake, hasa kama kiwanja hakijawahi kumilikishwa. Mimi naandika "kimepimwa, hati haijatoka, maombi ni ya mnunuzi, naweza kukusindikiza". Wateja wengine wanakimbia wakisoma hivyo. Waache wakimbie.

MwanaNewala
Nimemsomea shangazi. Anasema mpeni salamu Mzee. Halafu kanyamaza, kaniuliza, "Kwani na yeye hana bibi?" Ndilo linaloniuma. Kaa kwenye bajaji!

LindiMjini
Nyie mna bahati mnaongelea viwanja. Huku Lindi tangu waanze kuzungumzia mradi wa gesi Likong'o, hata kichaka mtu anakwambia "hapa patakuwa mji". Mwenye nyumba wangu kapandisha kodi, anataka ya mwaka mzima mkononi, choo cha nje!

Chikongola_Boy
Mwaka? Wa kwangu anachukua ya miezi sita, na umeme tunagawana mita moja watu wanne. Yule wa chumba cha mbele ana friji mbili za kuuzia maji.

LindiMjini
Friji mbili! Na mnagawana sawa?

Chikongola_Boy
Sawa kwa sawa. Mimi nina taa moja na feni.

Kibuyu
Wekeni mita ndogo ndogo, kila mtu aone anachotumia. Sisi tumefanya, ugomvi umeisha.

LindiMjini
Shilingi ngapi hizo mita, na zinapatikana wapi?