Ushauri: nimebaki na wadada wawili kwa nafasi moja, filamu ya dakika 9

Kijana_wa_Buza: Wakuu, habarini. Naandaa filamu fupi ya dakika 9, waigizaji wawili tu: mke kagundua mumewe kauza kiwanja kimyakimya. Bajeti yote ni laki sita. Nilitangaza usaili wa wazi, wakaja watu 46. Tulianza saa nne asubuhi, saa saba mchana tukafunga. Mchujo wa pili niliita sita, wamebaki namba 11 na namba 38. Wote wakali. Nachaguaje? Silali.

Kiroboto: Weka picha tukusaidie.

Mama Swaumu: Usaili usifanyie gesti, mwanangu. Awepo mwanamke mtu mzima humo ndani, na usimtoze mtu hata mia ya fomu.

Kijana_wa_Buza: Tulitumia darasa la shule, mama. Fomu bure.

Fundi_Fremu: Nani alikuwa anawasomea mistari ya mume?

Kijana_wa_Buza: Mimi, nikiwa nyuma ya simu inayorekodi.

Fundi_Fremu: Basi hujaona mke na mume, umeona mke na simu. Mume ni nani?

Kijana_wa_Buza: Alishapatikana.

Fundi_Fremu: Kwa usaili upi?

Kijana_wa_Buza: Ni mshkaji wangu. Kamera na taa mbili ni zake, anatoa bure. Nikikodi siku mbili, hela ya chakula na nauli inakwisha. Halafu ana sauti nzito, sura inaendana. Nimkatae vipi?

Dada_Jukwaa: Kemia haina siri. Wape karatasi papo hapo, wasome wakitazamana. Wakipendana utaona.

Fundi_Fremu: Kutazamana sawa. Karatasi ya papo hapo hapana: macho yatabaki kwenye karatasi, utapima kusoma badala ya kuigiza. Watumie kurasa mbili siku moja kabla. Na hawa hawapendani hapo, wanagombana. Angalia kama mmoja akibadilika, mwenzake naye anabadilika.

Mtoto_wa_Pwani: Mimi nimesomea TaSUBa Bagamoyo, natafuta nafasi ya mume. Naulizia wapi?

Hesabu_Kali: Jamani, hii chai. Masaa matatu ni dakika 180. Gawa kwa 46, hazifiki nne kwa mtu, hapo aingie, ajitaje, asome, atoke. Huyu anatafuta namba za wadada.

Kiroboto: Chai ya maziwa hiyo.

Kijana_wa_Buza: Si chai! Waliosoma ni 27. Muda uliisha, wale 19 nikawaambia watume video.

Hesabu_Kali: Ulisema wamekuja 46.

Kijana_wa_Buza: Walikuja. Sikusema wote walisoma.

Fundi_Fremu: 27 kwa dakika sita inaingia, hesabu imekaa. Namba 38 ni wa video?

Kijana_wa_Buza: Ndiyo. Na mchujo wa pili alikuwa Morogoro, akatuma nyingine. Lakini video yake ni moto, na nimeshamwambia ajiandae.

Fundi_Fremu: Mkuu, hapo ndipo ulipokwama. Video ya nyumbani inaweza kuwa ya ishirini, wewe umeona ile bora. Hujui akiambiwa "punguza sauti, usimwangalie" atafanyaje. Namba 11 ulimwona akielekezwa?

Kijana_wa_Buza: Nilimwambia aseme kwa kunong'ona, akabadilika kabisa.

Fundi_Fremu: Waite wote wawili, saa tofauti, wasikutane mlangoni. Nauli ya Morogoro kwenda na kurudi uilipe wewe. Mshkaji wako asome nao, huyo habadiliki, wao ndio wanapishana. Sini ileile, ukurasa mmoja na nusu. Mara ya kwanza waache wafanye wanavyojua. Mara ya pili mnong'oneze mke peke yake jambo jipya, mfano alishajua tangu juzi. Mume asiambiwe. Simu iwe kwenye stendi, iwaone wote wawili ubavuni, feni izimwe. Baadaye tazama bila sauti, macho yako yawe kwa anayesikiliza. Akiwa anasubiri zamu yake ya kuongea, utamwona mdomo umeshajiandaa.

Dada_Jukwaa: Na kama wote wakifa mbele ya huyo mume?

Fundi_Fremu: Basi tatizo si wadada.

Mama Swaumu: Na huyo wa Morogoro ulishamwahidi. Mpigie leo, umwambie bado.

Kijana_wa_Buza: Nitampigia. Ila mshkaji kaona uzi, anauliza kwa nini naye asailiwe wakati kamera ni yake.

Fundi_Fremu: Mwambie ni mazoezi.

Hesabu_Kali: Si kaona uzi?

Kijana_wa_Buza: Kanuna tayari.

Fundi_Fremu: Simu yako inarekodi vizuri usiku?