Picha ya shati kuingizwa kwenye mandhari: niediti mwenyewe, nimlipe mtu wa grafiki, au nitafute modo?

Zuhura_Mashati
Habari za jioni wadau. Nauza nguo mtandaoni. Picha zangu ni nguo na ukuta tu, watu wanapita bila hata kuuliza bei. Mwezi ujao nataka kulipia matangazo Instagram, na nataka nguo ionekane iko mahali, mfano ufukweni au mgahawani. Nimefikiria njia tatu: niunganishe picha mwenyewe, nimpe kijana wa grafiki anayetaka 5,000 kwa picha, au nitafute modo na mpiga picha. Ipi bora? Nahitaji kuamua wiki hii.

Kelvin_Grafiki
Dada, 5,000 ni bei ya kutupa, mpe tu. Ila hata mwenyewe unaweza. Futa bekigraundi kwa app, tafuta picha kali ya ufukwe mtandaoni, bandika nguo, kisha piga filta moja juu ya vyote ili rangi zishikane. Hiyo filta ndiyo siri. Weka kipimo cha 1080 kwa 1350 ili ichukue nafasi kubwa kwenye skrini ya mteja. Dakika tano umemaliza.

Babu_Lensi
Zuhura, nguo gani? Ngapi? Ziko kwenye mdoli au henga? Umezipigia wapi, kwa mwanga gani? Una kompyuta au simu tu? Ulivyouliza ni sawa na kumuuliza fundi suruali itakula kitambaa kiasi gani bila kumpa kiuno.

ViatuSafi
Mimi nilitengeneza bango la duka lenye picha ya ufukwe, nikalitundika nyuma ya rafu za viatu. Wateja wanapigia selfi hapo. Hakikisha tu wanakuchapishia kwenye vinaili nzito, ile nyepesi inajikunja kwa joto.

Kelvin_Grafiki
@ViatuSafi mkuu, hajauliza habari za bango.

Zuhura_Mashati
Samahani Babu, niliandika haraka. Ni mashati ya kiume ya kitani, rangi nne: nyeupe, kijani cha jeshi, bluu iliyokoza na udongo. Na mitindo, jumla kama picha thelathini. Nina mdoli wa kiwiliwili, hana kichwa wala miguu. Nimepigia dukani usiku, taa ya darini. Simu ya kawaida, na laptop ya mdogo wangu ninayoweza kuazima.

Babu_Lensi
Sasa tunaongea. Kwanza, ufukwe usahau. Shati lililovishwa kiwiliwili kisicho na kichwa, limesimama mchangani peke yake, hilo ni jini. Mdoli wa aina hiyo anafaa picha ya katalogi kwenye bekigraundi tupu. Ukitaka shati liwe mahali bila mtu ndani yake, litundike kwa henga ukutani kwenye baraza nzuri, kiti cha mbao pembeni, labda na chungu cha maua. Hapo jicho halimtafuti mtu.

Pili, hizo picha za usiku hazitaungana na chochote. Taa ya darini inatupa kivuli cha kola kifuani na kila mkunjo unaonyesha mwanga umetoka juu. Ukilipeleka shati hilo kwenye baraza yenye mwanga wa kutoka kushoto, mteja hatajua kasoro ni nini, ila ataona limebandikwa. Kukata siku hizi si kazi, app yoyote inakata. Picha inasalitiwa na mwanga, kisha na ukubwa.

Kwa hiyo piga upya hivi. Anza na baraza tupu, asubuhi, upande wa kivuli ambao jua halijaupiga. Simama mbali, tumia zoom ya 2x badala ya kusogea, simu usawa wa kifua, usiinamishe. Kumbuka mwanga unatoka upande gani. Halafu nyumbani tundika shati karibu na dirisha, mwanga utokee upande uleule, simu usawa uleule, umbali uleule. Nyuma ya mashati meupe weka shuka la kijivu. Ukitumia ukuta mweupe app itakula ukingo wa kola.

Ukubwa unaupima kwa kiti. Viti vingi vya kulia chakula, kutoka sakafuni hadi pa kukalia ni kama sentimita 45. Shati lako kutoka bega hadi pindo pima kwa futi, tuseme ni sentimita 75. Kiti kikiwa kimeegemea ukuta uleule, basi shati kwenye picha liwe mara moja na theluthi mbili ya kimo hicho cha kiti. Wengi wanalikuza shati ili lionekane, matokeo yake linakuwa la mtu wa futi nane.

Shariff_Mvita
Babu, heshima yako, lakini mimi hapa sijaelewa. Kama dada ameshafika barazani na simu mkononi, si apigilie msumari atundike shati lenyewe apige? Kuunganisha kunatoka wapi tena?

Kelvin_Grafiki
😂😂😂 Shariff kaua.

Babu_Lensi
Swali la haki. Kwa mashati manne ningemwambia hivyohivyo. Kwa thelathini, kubadilisha, kunyoosha mikunjo, kupiga, mwanga unahama. La kwanza analipiga saa moja asubuhi, la mwisho saa nne, kivuli kimeshakimbia na ukurasa wake utaonekana kama maduka mawili. Na baraza yenyewe si yake. Akiwa na picha moja nzuri ya baraza tupu, mzigo mpya ukiingia wakati wa masika anautundika dirishani kwake, anaunganisha, maisha yanaendelea.

Shariff_Mvita
Masika hata mwanga wa dirishani hubadilika, bwana. Mimi huku Mombasa natumia modo, kijana wa mtaani mwenye mabega. Nguo ya kiume bila mwanamume ndani yake haiuzi, nyote mwalijua hilo.

MamaVitenge
Mabega yake ndiyo yanayoniuzia kesi. Modo kiuno cha nyigu, mteja ana kitambi, nguo inarudi.

Ila mie nataka kumjibu huyu Kelvin wa filta. Wanangu, sikilizeni. Mwaka jana nilimpa mtu picha za madira na magauni ya kitenge, akaniwekea bustani ya hoteli, jua la machweo, kila kitu kimemwagiwa udhahabu. Kwa macho, picha zilikuwa nzuri mno, sijawahi kupata maulizo mengi vile. Kuna gauni la bluu bahari lenye maua meupe. Kwenye tangazo maua yamekuwa rangi ya maziwa ya kuchemka, na bluu imeelekea kijani. Mama mmoja wa Mwanza akaagiza la sare ya kitchen pati, wenzake wote wanavaa kijani hicho. Nikatuma kwa basi. Akafungua mzigo mbele ya wenzake, bluu tupu! Akanipigia simu mimi niko sokoni, nikamwambia mama hiyo ndiyo nguo, akanitumia tangazo langu mwenyewe. Nimjibu nini? Nikarudisha hela, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu, na gauni likarudi limekunjamana na lina harufu ya samaki, sijui lilikaa karibu na nini kwenye buti. Nilipomrudia yule kijana akasema nilitaka picha ipendeze, imependeza.

Isitoshe, ile bustani ilikuwa ya hoteli ya watu. Wakaniandikia inboksi niiondoe. Nikaiondoa siku hiyohiyo.

Kelvin_Grafiki
Pole mama. Lakini huyo alizidisha. Filta nyepesi haina shida, na bila kitu cha kuunganisha rangi nguo itaonekana imebandikwa, hata Babu anajua.

Babu_Lensi
Najua, na hapo una nusu ya ukweli. Rangi lazima zishikane. Ila unaibadilisha baraza iifuate nguo, nguo huigusi. Zuhura, shati la kwanza la kila rangi piga na karatasi nyeupe ya A4 pembeni yake. Kwenye kuediti, rekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, isiwe na umanjano wala ubluu, kisha marekebisho hayohayo yaweke kwenye picha zote za mwanga ule. Hapo shati ni rangi yake. Baraza ikiwa ya manjano kuliko shati, punguza umanjano wa baraza. Zikikinzana, baraza ndiyo iumie. Hakuna anayeagiza baraza.

MamaVitenge
Hapo sasa.

Zuhura_Mashati
Nimeelewa. Na kivuli? Nilijaribu jana kwa simu, shati linaelea mbele ya ukuta.

Babu_Lensi
Hapo ndipo laptop ya mdogo wako inahitajika. Fungua Photopea kwenye kivinjari, haidai hela. Shati lililokatwa liwe leya ya juu. Chini yake weka nakala ya umbo lake, ijaze rangi moja, weka `Multiply`, isogeze kidogo upande wa pili wa mwanga, kisha `Gaussian Blur` mpaka ukingo ulainike. `Opacity` anzia 35% upunguze au uongeze. Rangi ya kivuli usiweke nyeusi, ichukue kwenye kivuli cha kiti kilichopo pale barazani. Na kivuli cha kiti ndicho kipimo chako: kikiwa laini, cha shati kisiwe kikali.

Halafu kuna kivuli cha pili ambacho watu wanakisahau, ule ukanda mwembamba uliokolea pale henga inapogusa msumari na pindo linapoulalia ukuta. Chora kwa brashi ndogo. Bila huo shati litaelea hata kivuli kikubwa kiwe kizuri namna gani. Ukiona utepe mweupe kuzunguka shati, sogeza ukingo ndani kwa pikseli moja.

Shariff_Mvita
Haya yote kwa kumkimbia kijana mwenye mabega.

Zuhura_Mashati
😂 Shariff, kijana wako anataka shilingi ngapi kwa siku?

Shariff_Mvita
Shati moja na chakula cha mchana. Lakini ni binamu yangu.

Kelvin_Grafiki
Kwa hiyo ana kazi yote hiyo mara thelathini. Thelathini kwa 5,000 ni laki na nusu, anapumzika.

MamaVitenge
Na akikosea rangi, anarekebisha bure?

Kelvin_Grafiki
Kawaida ni mara mbili bure, ya tatu unaongeza 2,000. Kila kazi ina taratibu zake.

MamaVitenge
Rangi ya nguo si marekebisho, ni kazi yenyewe hiyo. Usilipe kitu mpaka ushike nguo mkononi ulinganishe na picha kwenye simu ya mtu mwingine, maana simu zingine zinakoleza rangi zenyewe.

Kelvin_Grafiki
Sasa mama, mteja anataka nikalinganishe kwa simu za mtaa mzima?

Babu_Lensi
Simu mbili zinatosha.

Zuhura_Mashati
Nimewasoma wote. Baraza ya shangazi Kigamboni ina ukuta wa chokaa na kiti cha mninga, nitaipiga Jumamosi. Nitajaribu shati la udongo kwanza. Meupe bado yananitisha, ukuta wenyewe ni mweupe.

Babu_Lensi
Meupe kwenye chokaa yatapotea. Tafuta mlango wa mbao hapohapo, tundika humo, au hayo mpe Kelvin.

Kelvin_Grafiki
Meupe ni 7,000 😎

ViatuSafi
Zuhura, huyo mdoli wa kiwiliwili kama humtumii tena, unamuuza? Na kuna anayejua wapi Kariakoo wanauza miguu peke yake, ya kuonyeshea soksi?