Mrejesho: hesabu ya dopamini iliyokosolewa

Swali langu lilikuwa: "Agizo ni dopamini mikrogramu 5 kwa kila kilo kwa dakika, mgonjwa ana kilo 60, na chupa ina miligramu 200 katika mililita 500. Nimepata mililita 450 kwa saa, mwalimu amenikosoa. Tatizo liko wapi?"

Nawashukuru wauguzi wenzangu mlionijibu. Hatua za mwanzo zilikuwa sahihi: 5 × 60 ni mikrogramu 300 kwa dakika, na kwa saa nzima ni mikrogramu 18,000. Hesabu iliharibika pale nilipogawanya kwa 100 ili kupata miligramu, nikaandika 180, ilhali miligramu moja ina mikrogramu 1,000 na jibu lilipaswa kuwa miligramu 18. Kwa kuwa kila mililita ina miligramu 0.4, kasi sahihi ni 18 ÷ 0.4, yaani mililita 45 kwa saa.

Aliyenishauri nijiulize chupa itakwisha lini ndiye aliyenifungua macho zaidi, kwani kwa mililita 45 ingedumu saa 11 hivi, lakini kwa 450 ingekwisha baada ya saa moja na dakika chache, mgonjwa akiwa amepokea mara kumi ya dozi iliyoagizwa, jambo ambalo lingeweza kuuvuruga mwendo wa moyo wake.

Sasa naigeuza dawa ya chupani kuwa mikrogramu mwanzoni kabisa (400 kwa mililita), kisha nagawanya 18,000 kwa 400. Mwalimu ameikubali njia hiyo, ila alama za jaribio lile hazikurudi.