Mjadala: Kazi ya kundi, wote alama moja au wanafunzi wapimane?

Mhadhiri Msaidizi (muuliza swali): Wakuu, idarani kwetu tunavutana. Mradi wa kundi una alama 20 kati ya 40 za mwendelezo, makundi ni ya watu wanne wanne, na wanaodandia wanapata sawasawa na waliokesha. Wapo wanaotaka fomu za wanafunzi kupimana na kujipima, na wapo wanaosema fomu hizo ni majungu yaliyowekwa kwenye karatasi. Nyie mnaonaje? Ni haki alama ya mtu itegemee wenzake walivyomjazia?

Mzee wa Gredi: Ni haki kabisa, na wala hakuna haja ya hesabu ngumu. Kila mtu ampe kila mwenzake alama kati ya 0 na 10, ajipe na yeye mwenyewe, utafute wastani, uugawe kwa 10, kisha uzidishe kwa alama ya kundi. Imekwisha. Anayedandia atajulikana tu.

Bi. Tathmini: Mzee wa Gredi, nakuunga mkono kwamba kazi iliyokamilika isahihishwe peke yake na mchango wa mtu utafutwe peke yake. Ila njia yako itaumiza watu wasio na kosa, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni hiyo alama ya kujipa. Mdandiaji atajipa 10 bila aibu, na mchapakazi mwenye haya atajipa 7. Katika kundi la watu wanne alama hiyo ni robo ya wastani mzima, kwa hiyo mwenye haya anajishusha kwa mkono wake mwenyewe. Ya pili haionekani haraka. Wapo wanaotoa alama kwa mkono mzito na wapo wanaomwaga. Mwenye mkono mzito akiwapa wenzake watatu 5, 5 na 6, wote watatu wanashuka, ila yeye hashuki, maana alama zake zinatoka kwa wale wanaomwaga. Yaani ukali wake unamlipa. Wanafunzi wakishagundua hilo, mwaka unaofuata kila mtu anakuwa mkali.

Dawa yake ni fungu lisilobadilika. Kila mmoja apewe pointi 30 azigawe kwa wenzake watatu, jumla iwe 30 kamili, wala asijiguse. Mkali na mpole wote wanatumia fungu lile lile. Tuchukue kundi la mfano, Asha, Baraka, Chausiku na Daudi, waliohesabu abiria katika vituo vya mwendokasi, na ripoti yao imepata 66 kwa 100. Asha amempa Baraka 11, Chausiku 12, Daudi 7. Baraka amempa Asha 12, Chausiku 12, Daudi 6. Chausiku amempa Asha 13, Baraka 11, Daudi 6. Daudi kagawa 10, 10, 10. Sasa jumlisha alichopokea kila mtu: Asha 35, Baraka 32, Chausiku 34, Daudi 19. Gawa kila jumla kwa 30, utapata kizidisho cha kila mmoja. Cha Asha ni karibu 1.17, cha Daudi ni karibu 0.63.

Ukizidisha moja kwa moja, Asha anapata 77 na Daudi anaanguka hadi karibu 42. Hapo ndipo watu wanapotaka kuzichoma moto fomu hizi, kwa sababu karatasi tatu za wanafunzi zimemwangusha mtu kwenye kazi ambayo mwalimu mwenyewe kaipa 66. Ndiyo maana nusu ya alama ya kundi iachwe kama ilivyo, na nusu nyingine tu ndiyo iguswe na kizidisho. Kwenye Excel, ya Asha inaandikwa hivi:

```
=0.5*66 + 0.5*66*(35/30)
```

Inatoka 71.5. Baraka anapata 68.2, Chausiku 70.4 na Daudi 53.9. Wastani wa kundi unabaki 66, kwa hiyo hujamwaga alama wala hujaiba. Tofauti ipo na inauma kidogo, lakini haivunji mtu.

CR Mwaka wa Tatu: Dada, hesabu nimeielewa na ni nzuri. Lakini naomba tumwangalie huyo Daudi. Ikiwa ndiye aliyesimama Gerezani kuanzia saa 12 asubuhi anahesabu abiria, akarudi na karatasi za peni, wenzake watatu wenye laptop wakakaa hosteli wanachapa? Kwenye fomu wataandika "hakuandika ripoti," na ni kweli hakuandika. Hana laptop, anakaa Chanika, na vikao vyote vilikuwa saa 2 usiku hosteli. Kazi inayoonekana kwenye skrini ndiyo inayopewa pointi. Fomu zenu zinapima nani yuko karibu na nani.

Na jingine: katika kundi la watu wanne hakuna siri. Nikijua nimepokea 13, 12 na 6, nitajua nani kanipa 6 kabla sijafika kwenye daladala.

Mwl. wa Temeke: Mimi nafundisha kidato cha tatu, darasa lina wanafunzi 70 na zaidi. Nadhani tatizo ni namna ya kuunda makundi. Msiwaache wachaguane, changanya wenye uwezo na wasio na uwezo, na hizo fomu hamtazihitaji. Halafu pointi 30 za kugawa mara 70 nani atazijumlisha?

Bi. Tathmini: Mwalimu, kuchanganya makundi kunasaidia, ila hata kundi lililochanganywa vizuri lina mtu anayeacha wenzake wafanye, kwa hiyo swali la alama linabaki palepale. Kwa darasa lako nisingetumia kizidisho kabisa. Kipande cha karatasi chenye mistari miwili kinatosha: "Mimi nilifanya nini" na "Kazi gani isingekamilika bila fulani." Usikipe alama. Kisome tu ujue kundi lipi la kulisogelea wiki ijayo.

CR, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na hapo ndipo fomu ya kujipima inapopata kazi. Ile fomu haiingii kwenye hesabu hata kidogo. Kazi yake ni kugongana na zile za wenzake. Daudi anaandika: "Nilihesabu abiria Gerezani asubuhi tatu, karatasi sita, nilimkabidhi Baraka Ijumaa." Wenzake wamempa 7, 6, 6. Pengo hilo linatakiwa limsimamishe mwalimu kabla hajabonyeza Excel. Anaomba zile karatasi sita, anawaita wote wanne, na anamuuliza kila mmoja maswali mawili kuhusu sehemu ambayo hakuiandika yeye. Dakika 10 zinatosha. Aliyesimama kituoni ataeleza kwa nini hesabu ya saa 1 imeruka juu, aliyedandia atazungukazunguka.

Kuhusu laptop, kosa liko kwenye maswali ya fomu. Ukiuliza "Mchango wake ulikuwa mzuri kiasi gani?" wataandika wanayempenda. Uliza vitu vinavyoonekana: Alileta sehemu yake tarehe mliyokubaliana? Ililazimu mtu mwingine airudie? Alipokwama alisema mapema au alinyamaza? Na kila pointi chini ya 8 au juu ya 12 iandikiwe sentensi moja yenye tukio. "Mvivu" si tukio. "Sehemu ya mapendekezo ilikuja siku mbili baada ya tarehe, Chausiku akaiandika upya" ni tukio, na linaweza kuhakikiwa. Wakiandika kwenye Google Docs, fungua Version history uone nani aliandika lini, ila usiiamini peke yake, maana anayechapa maneno ya wenzake ataonekana kafanya yote. Mahudhurio ya vikao mimi ningeyatoa kabisa kwenye fomu, kwa sababu hiyo hiyo ya Chanika.

Siri: rudisha kizidisho tu, usirudishe pointi moja moja. Haizibi kila kitu, hasa kundi likiwa dogo.

Mzee wa Gredi: Sasa kama mnaishia kwenye kuhojiana na kutafuta karatasi za peni, si rahisi zaidi kila mtu apewe sura yake na asahihishiwe sura yake? Fomu za nini?

Mhadhiri Msaidizi: Tulilijaribu wazo hilo kwenye makaratasi ya idara. Ripoti inakuwa insha nne zilizobanwa kwa stepla. Jedwali la sura ya pili linasema abiria 400, hitimisho linasema 640, na hakuna anayewajibika, maana kila mtu atasema sura yake iko sawa. Kuunganisha ndiyo sehemu ngumu ya mradi, na hiyo haina sura. Labda robo ya alama iwe ya sehemu binafsi, kila mtu aandike ukurasa mmoja akieleza data yote ya kundi kwa maneno yake.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Makundi mengi yatakubaliana kwenye WhatsApp: "wote tupeane 10." Nitafanyaje?

Bi. Tathmini: Wakipeana 10 wote, kizidisho kinakuwa 1 na kila mtu anapata alama ya kundi. Hujapoteza kitu. Kuna wanaowalazimisha wanafunzi watofautishe, pointi zisilingane. Mimi napinga, kwa sababu kundi lililofanya kazi kwa usawa linaambiwa lidanganye. Kinachopunguza mapatano ni kujaza mara mbili: wiki ya tano bila alama, kila mtu arudishiwe sentensi za wenzake bila majina, kisha wiki ya mwisho kwa alama. Mdandiaji anayeonywa wiki ya tano ana muda wa kurekebisha. Anayeambiwa wiki ya 15 ana la kufanya moja tu, kukata rufaa.

CR Mwaka wa Tatu: Hapo kwenye rufaa. Tuseme mwalimu kaona karatasi sita, kathibitisha Daudi alifanya kazi. Anampa kizidisho gani? Akimrudisha kwenye 1, je, wale watatu wanabaki na 1.17, 1.13 na 1.07 walizozipata kwa kumkandamiza?

Bi. Tathmini: Mimi nafuta hesabu ya kundi lote, wote wanne wanachukua 66. Pointi walizopandisha wale watatu zilitoka kwa Daudi.

Mhadhiri Msaidizi: Hapo sikubali. Chausiku aliandika upya sura nzima, na ushahidi upo. Ukifuta yote unamwadhibu kwa kosa la kutojua Daudi alikuwa kituoni. Ningefuta safu ya pointi alizopewa Daudi tu, kisha zile zilizobaki zigawanywe upya kati ya watatu.

CR Mwaka wa Tatu: Vyovyote mtakavyochagua, kiandikwe kwenye mwongozo wa kozi wiki ya kwanza, pamoja na siku za kukata rufaa. Mkiamua baada ya kuona majina, hata uamuzi wa haki utasemwa ni upendeleo.

Mwl. wa Temeke: Huo mstari wa "kazi gani isingekamilika bila fulani" nauchukua. Ila kwangu wengi wataandika jina la mwenye kalamu za rangi.