Chalenji ya siku 30 ya kuandika matumizi imekufa siku ya tisa, nimekosea wapi kwenye slaidi?

Binti_Kihonda
Habari za jioni wakuu. Nina ukurasa mdogo Instagram, wafuasi wangu wengi ni wadada wa genge, saluni na vyakula. Mwezi uliopita niliwatengenezea chalenji ya siku 30 ili wazoee kuandika matumizi. Instagram inaruhusu mwisho slaidi 20 kwa posti moja, kwa hiyo nikabana siku mbili mbili kwenye kila slaidi, zikatoka 15, nikaongeza jalada na slaidi ya kufunga.

Grupu la WhatsApp lilianza na watu 43. Siku ya tisa walioripoti walikuwa 11. Nawawekea siku tano za mwanzo mzione:

Siku ya 1: Andika kila ulichotumia leo.
Siku ya 2: Kumbuka deni moja ulilolisahau.
Siku ya 3: Weka 2,000 kwenye kibubu.
Siku ya 4: Piga hesabu ya vocha za wiki nzima.
Siku ya 5: Kaa na mwenzako mzungumzie pesa.

Chini ya kila slaidi niliandika "Wewe ni shujaa, usikate tamaa!" Shida ni maneno, rangi au watu wetu hawapendi kuandika?

Mzee_wa_Ngano
Siku 30 ni nyingi mno dada. Mazoea yanajengwa kwa siku 21, hilo linajulikana dunia nzima. Punguza ziwe 21, slaidi zitapungua na watu hawatachoka.

Rangi_na_Kalamu
Mzee, hapo kwenye kupungua kwa slaidi uko sahihi. Hiyo 21 ina historia yake. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa anapima mtu anayejifunza kuandika daftari. Utafiti uliopima mazoea ya kila siku ulichapishwa mwaka 2010 na Phillippa Lally na wenzake wa London. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, na katikati ya makadirio yao ilikuwa siku 66. Mwepesi kabisa alichukua 18, mzito alikadiriwa 254. Kwa hiyo hata 30 haimalizi kazi kwa wengi.

Sasa Binti, soma tena siku zako tano. Umewapa watu kazi tano tofauti. Kuandika matumizi, ambako ndiko unakotaka wakuzoee, kumetokea siku ya kwanza tu kisha kukapotea. Zoea hujengwa na tendo lile lile, baada ya jambo lile lile, kila siku. Aliyefika siku ya tano amefanya mambo matano mara moja moja, na la tano linahitaji mtu wa pili awepo nyumbani na awe na hamu ya kuzungumzia pesa. Hapo ndipo nahisi walianza kudondoka.

Shosti_wa_Makorora
Mimi nilifanya ya kupunguza tumbo siku 30, nikaacha ya 12. Naomba uniweke kwenye hilo grupu. Mnaanza na maji ya ndimu au mnaruka chakula cha usiku?

Binti_Kihonda
@Shosti hapana dada, yetu ni ya matumizi ya pesa 😂

@Rangi nimekuelewa, lakini nikirudia "andika matumizi" mara 30 nani ataswaipu?

Rangi_na_Kalamu
Tendo libaki, swali la pembeni libadilike. Kila slaidi juu kabisa iwe na mstari usiobadilika: "Nikishafunga genge, kabla sijapiga hatua, naandika." Wa saluni aweke "nikishang'oa plagi ya draya". Usiwaambie "jioni", kwa sababu jioni ni masaa manne na hakuna kinachomshtua mtu kwamba sasa ndiyo wakati. Kufuli la genge linamshtua.

Chini ya mstari huo ndipo unacheza. Siku ya 2: zungushia duara tumizi dogo kuliko yote. Siku ya 3: lipi ulilisahau mpaka ulipoanza kuandika? Siku ya 4: nauli peke yake imekula ngapi? Yote yanajibiwa kwa kutazama ukurasa ule ule aliouandika, na hayazidi dakika mbili.

Kuhusu kugawa, fanya posti nne: siku 7, 7, 7 na 9. Kila moja ina jalada, slaidi za siku, jedwali la kuweka alama na slaidi moja ya aliyeruka. Tatu za kwanza zinakuwa slaidi 10, ya mwisho 12. Siku moja kwa slaidi, herufi kubwa. Kisha ifungue kwenye simu yako ukiwa umenyoosha mkono. Isiposomeka hapo, mwenye genge juani hasomi.

Fundi_Daftari
Jedwali la alama nimelichora mara nyingi, nikupe vipimo. Slaidi ya 1080 kwa 1350: safu wima tano, mistari sita, kila kisanduku 180 kwa 180. Upana unatumia 900, unabaki 90 kila upande. Kimo kinatumia 1080, unabaki na 270 juu kwa kichwa. Visanduku 30 vinakaa bila kubanana. Mtu anapiga picha ya skrini, anachora alama kwa kidole kwenye simu. Usijaze rangi nzito, wengine watakwenda kuliprinti steshenari kwa wino mweusi na namba hazitaonekana.

Na usiandike "siku mfululizo". Mke wangu aliruka siku moja ya msiba, akaona amerudi sifuri, akalitupa jedwali zima. Andika "visanduku ___ kati ya 30".

Rangi_na_Kalamu
Fundi amegusa penyewe. Wale watafiti wa London waliona kuruka siku moja hakukuharibu zoea kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo kile "wewe ni shujaa" kitoe. Aliyeandika hakihitaji, aliyeruka kinamchoma. Maneno ya kutia moyo yapeleke kwenye slaidi ya aliyeruka: "Jana imebaki tupu, iache tupu. Leo ukifunga genge, andika hata tumizi moja." Asijazie ya jana kwa kukumbuka, atabuni namba.

Mzee_wa_Ngano
Mnawadekeza. Kila usiku taja kwenye grupu walioandika na wasioandika. Aibu inafundisha.

Shosti_wa_Makorora
Mzee, mimi ile ya tumbo niliiacha kwa sababu hiyo hiyo. Jina langu lilisomwa mara mbili, nikatoka grupu kimya kimya.

Fundi_Daftari
Kwetu kwenye kikoba kutaja majina kunafanya kazi, ila pale kuna faini na watu wanafahamiana. Kwa grupu la watu wa mtandaoni sina uhakika.

Binti_Kihonda
Nitaacha mtu aripoti mwenyewe kwa namba ya visanduku tu, nione. Nimeshapanga upya wiki ya kwanza. Slaidi ya siku ya 6:

"Nikishafunga genge, kabla sijapiga hatua, naandika.
Leo: ni tumizi gani limejirudia tangu ulipoanza?
Visanduku vyangu: ___ kati ya 30"

Nimemjaribishia jirani yangu wa mishikaki. Kaniuliza genge ni lipi, yeye ana jiko.

Rangi_na_Kalamu
Acha nafasi tupu pale: "Nikisha______, naandika." Ajaze mwenyewe kwenye jalada siku ya kwanza.

Fundi_Daftari
Na yeye siku ya mvua hawashi jiko. Siku hiyo anaandika baada ya nini?